Kwa nini tangazo la kuchangia maktaba ya shule husambazwa sana lakini pesa haziji?

"Tumetuma tangazo la maktaba ya shule yetu ya kijijini kwenye magrupu yote. Watu wanaandika 'Mungu awabariki' na kulisambaza, lakini wanaotuma hela ni wachache mno. Je, kwa nini?"

Mara nyingi mtu huwa ameshaguswa. Kinachomkwamisha kinatokea baadaye, akiwa peke yake na simu. Anaingiza namba, na kabla hajaweka namba ya siri, skrini inamwonyesha jina la mpokeaji. Tangazo limesema "Maktaba ya Shule ya Msingi" fulani, ila jina lililotokea ni la mtu asiyemjua. Hapo anaghairi, na hatauliza, kwa sababu kuuliza kunaonekana kama kumtuhumu mtu wizi.

Kwa hiyo andikeni jina hilo ndani ya tangazo, herufi kwa herufi kama linavyotokea kwenye simu. Kama shule ina Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina lake, tumieni hiyo. Kama mmelazimika kutumia laini ya mweka hazina, semeni wazi: jina litakalotokea ni hili, ni mweka hazina wa kamati ya shule, na pesa zitahamishiwa akaunti ya shule kila Ijumaa. Pia wekeni namba ya simu ya mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati, ili mwenye wasiwasi apige ahakikishe. Namba hiyo isiwe ile ya kupokelea pesa.

Dharura nayo hukosewa. "Watoto wanateseka, tuchangie haraka" haimwambii msomaji kwa nini leo na si mwezi ujao. Tafuteni sababu ambayo mtu wa kijijini anaweza kuithibitisha kwa macho. Tuseme vitabu vya msaada vimeshafika, lakini viko kwenye maboksi sakafuni, katika chumba ambacho mchwa wameanza kupanda ukutani, na mvua za masika huanza Machi. Rafu zisipopatikana kabla ya hapo, unyevu na mchwa vitavimaliza vitabu. Sababu ya namna hiyo haihitaji picha ya mtoto analia, na mimi ningeiacha kabisa: yule mtoto ana jina na ana wenzake darasani, na picha ikishasambaa hairudi.

Hesabu iwe fupi kiasi cha kukaa kichwani. Kwa mfano, rafu 6 kwa 150,000 kila moja ni 900,000. Dawa ya mchwa na kufuli ni 200,000. Jumla ni 1,100,000. Wazazi wameshatoa 300,000, zimebaki 800,000. Taja kilichokwisha kupatikana, kwa kuwa mtu wa mbali hutaka kuona kwanza wenyeji wametoa nini. Halafu mpe msomaji kipimo chake: watu 10 wakitoa 15,000 kila mmoja, rafu moja imepatikana.

Tangazo lenyewe linaweza kusomeka hivi:

"Tarehe 2 Februari. Rafu 6, dawa ya mchwa na kufuli ni 1,100,000. Wazazi wameshatoa 300,000. Kamati ya Shule ya Msingi ... inaomba 800,000 zilizobaki, ili vitabu viondoke sakafuni kabla ya masika. Lipa Namba: ... Jina litakalotokea: ... Ukishatuma, tuma ujumbe wa muamala kwa: ... Kuhakikisha, mpigie mwalimu mkuu: ... Mwisho ni 28 Februari. Hesabu tutaitoa hapa kila Jumapili."

Tarehe zina kazi. Tangazo husambazwa hata baada ya mwaka, na lisilo na tarehe huendelea kuomba rafu ambazo zimeshanunuliwa. Mwisho wa mwezi umechaguliwa kwa sababu mshahara huingia siku za mwisho. Mkifunga tarehe 15, mtawakosa waajiriwa wengi waliokuwa na nia.

Bango la picha pekee halitoshi, maana namba iliyo kwenye picha mtu anainakili kwa jicho na kukosea tarakimu. Iandikeni pia kama maandishi. Na kabla ya kutangaza, waombeni watu wawili watatu wenye laini za mitandao tofauti watume 1,000 kila mmoja, mwone kama inafika na jina gani linatokea. Kwa jamaa walio Maskati au Minesota, Lipa Namba huenda isifae, kwa hiyo wawekeeni akaunti ya benki yenye jina kamili, tawi na msimbo wa SWIFT.

Majibu ya watu yatawaonyesha palipoharibika. Wakiuliza "namba hii ya nani?", rekebisheni jina. Wakisema "nitatuma tu", sababu ya haraka haijaeleweka. Wakinyamaza baada ya wiki ya kwanza, angalieni kama ile hesabu ya Jumapili ilitolewa.

Lengo likitimia kabla ya tarehe, tangazeni siku hiyohiyo kwamba mmefunga, mkiambatisha picha ya risiti ya fundi. Pesa itakayoingia baadaye, mwulizeni aliyeituma kama irudishwe au inunue viti vya kusomea.