Kuchagua mosfeti na dayodi ya relei

"Pini ya kidhibiti changu inatoa volti 3.3, nami nataka iwashe relei ya volti 12. Nitumie mosfeti gani, na ile dayodi inayowekwa kwenye koili ina kazi gani?"

Chukua relei ndogo yenye koili ya omu 400. Kwa volti 12 itavuta miliampea 30, mkondo ambao karibu mosfeti yoyote inaumudu, kwa hiyo usihangaike na wingi wa ampea. Kinachoamua ni volti za geti, yaani mguu unaoiwasha mosfeti.

Kwenye karatasi ya data ya mosfeti, wengi husoma mstari wa VGS(th), yaani volti za geti za kuanzia, wakidhani hapo ndipo mosfeti inapowaka sawasawa. Kwa IRF520 mstari huo unasema volti 2 hadi 4, lakini umepimwa kwa mkondo wa mikroampea 250 tu, yaani mosfeti ndiyo kwanza inaanza kupitisha. Ukiipa volti 3.3, kipande kimoja kitaivuta relei na kingine cha namba hiyohiyo kitagoma. Mstari wa kusoma ni RDS(on), yaani ukinzani wa mosfeti ikiwa imewaka, na uangalie umetolewa kwa volti ngapi za geti. Wa IRF520 ni wa volti 10. AO3400 ina kipimo cha volti 2.5 pia, ukinzani ukiwa takribani omu 0.05, kwa hiyo inaifaa pini yako.

Ukishaunganisha, washa relei upime kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo wa koili hupitia: usome karibu na sifuri. Ukikuta volti 4, koili imeachiwa 8, na relei nyingi za aina hii huhitaji kama 9 ndipo zishike. Weka pia rezista ya kiloomu 100 kutoka geti hadi hasi, ili relei isijiwashe wakati kidhibiti bado hakijaiamuru pini.

Sasa dayodi. Mosfeti inapozima, sumaku ya koili huendelea kuusukuma ule mkondo. Ukikosa njia, volti za dreni hupanda hadi zinavuka 30, kikomo cha AO3400. Mosfeti ikifa hivyo mara nyingi hubaki imefunga mzunguko, na relei haizimiki tena. Dayodi huupa mkondo njia ya kurudi kwenye koili. Upande wenye mstari uende kwenye chanya. Ukiigeuza, mosfeti ikiwaka utakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Mkondo wake ni uleule wa koili, miliampea 30, kwa hiyo 1N4148 inatosha, na 1N4007 inafaa vilevile.

Dayodi ina gharama moja: mkondo hupungua polepole, relei huchelewa kuachia, na kontakti zinazokata mkondo mkubwa huungua zaidi kwa cheche. Hapo ongeza zena ya volti 12 mfululizo na dayodi, zikitazamana kinyume. Dreni itafika karibu volti 25, bado chini ya 30. Ukitaka zena ya 24, dreni itafika 37, basi tafuta kwanza mosfeti ya volti 60 ambayo nayo RDS(on) yake imeandikwa kwa volti 2.5.