Bangi imemwanzishia, au imemkuta tayari?

Familia nyingi zinazomleta kijana kliniki kwetu hapa Dodoma huja na jibu mkononi: "Daktari, ni bangi." Mara nyingi kweli amevuta. Swali langu huwa lingine: ugonjwa huu wa akili ungekuwepo hata kama asingevuta?

Nitaeleza kwa mfano wa kijana wa miaka 23, ambaye nimembadilishia mambo kadhaa ili asitambulike. Aliletwa na mama na mjomba wake kutoka Kibaigwa, alikokuwa akipakia mahindi sokoni. Hakuwa amelala kwa siku kadhaa. Alisema wafanyabiashara wanasoma mawazo yake kupitia mizani, na alisikia wanaume wawili wakimjadili, mmoja akimtetea na mwingine akimtukana. Kipimo cha mkojo kilionyesha bangi. Mjomba akapumua kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini kipimo hicho kinathibitisha kuvuta tu. Kwa mtu anayevuta kila siku, mabaki ya bangi yanaweza kuonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Na kikiwa safi hakimsafishi mtu pia, kwa sababu vipimo vya kawaida havigundui bangi bandia za maabara, na mirungi aghalabu havioni.

Kabla ya yote niliangalia fahamu zake. Alijua yuko wapi na ni siku gani, hakuwa na homa, sukari yake ilikuwa sawa na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mtu ambaye fahamu zinakuja na kupotea, anayetetemeka na kuona wadudu ukutani siku mbili hadi nne baada ya kuacha pombe ghafla, ana dharura nyingine kabisa, na anaweza kufa tukiendelea kubishana kuhusu bangi.

Kisha tukajenga kalenda. Ukimuuliza mzazi "ilianza lini?" utaambiwa "juzi juzi", kwa hiyo naulizia matukio: mavuno, mtihani wa kidato cha nne, msiba fulani. Mama alisema bangi ilianza baada ya mavuno ya 2023, kijana alipohamia sokoni. Dada yake, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Mama, na siku ya sensa je?" Agosti 2022, karani alipofika nyumbani, kijana alijifungia chumbani akisema karani huyo ametumwa kuandika jina lake ili watu wamfuate. Wakati huo alikuwa bado kijijini na hakuna aliyewahi kumwona akivuta. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameacha kwaya, ameacha kuoga, na anacheka peke yake. Ushahidi huo ulikuwa na uzito kuliko mkojo.

Tulimlaza na kumwanzishia haloperidoli. Usingizi ulirudi, fujo ikaisha ndani ya wiki mbili. Wiki ya nne mkojo ulikuwa safi. Wiki ya tano wale wanaume wawili bado walikuwa wakizungumza, kwa sauti ya chini kidogo. Saikosisi ya kilevi, yaani kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo kwa sababu ya kilevi, hutarajiwa kupungua ndani ya siku au wiki baada ya kuacha, na mwongozo wa Marekani wa utambuzi hutumia takriban mwezi mmoja kama mpaka. Dalili zilizotangulia bangi na kubaki baada yake zilinifanya niandike skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu wenye dalili kama hizo. Bangi iliuchochea moto uliokuwa umeshawaka.

Mpaka huo wa mwezi mmoja una udhaifu wake, nao hausemwi vya kutosha. Karibu kila mgonjwa tunampa dawa siku ya kwanza, kwa sababu huwezi kumwacha anateseka ili upate jibu safi. Akipona haraka, je, ni kuacha bangi au ni dawa?

Ndiyo maana simwachi aende zake hata yule anayepona ndani ya siku nne, ambaye hakuwa na dalili yoyote kabla ya kuvuta. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya waliopata saikosisi kwa sababu ya bangi baadaye waligunduliwa kuwa na skizofrenia. Kwa huyo naandika "saikosisi ya bangi" nikijua jina linaweza kubadilika. Dawa naipunguza taratibu, na namtaka arudi mara kwa mara, akiwa na ndugu anayeishi naye. Nikimwona namuulizia usingizi, kazi, na kama ameanza tena kujitenga. Ndugu ndiye namuuliza kuhusu bangi, wakiwa vyumba tofauti.