“Lakini Fundi, Breka Haijaruka”: Dhana Zinazochoma Vyumba vya Kupanga Malindi

Neno hili nimelisikia mpaka limenichosha. Mimi ni fundi wa stima; nikiitwa mtaa wa Maweni, Muyeye au Kisumu Ndogo, nafika chumbani nakuta plagi imegeuka rangi ya kahawia, plastiki imejikunja, ukuta una doa jeusi, na mwenye chumba ananiambia, “Lakini fundi, breka haijaruka.” Anamaanisha kwamba kama kungekuwa na hatari, breka ingekata. Dhana hiyo ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu walale na moto chini ya godoro.

Dhana: breka isiporuka, waya uko salama.

Breka ya kwenye boksi la meni iliwekwa kuulinda waya uliopita ukutani. Haijui kuna ekstensheni gani sokoni, wala haijui uliinunua kwa bei gani. Kazi yake ni kuangalia kiasi cha stima kinachopita, yaani ampea. Joto haioni.

Hata hizo ampea huwa inazivumilia kuliko watu wanavyodhani. Breka ya ampea 32 ikibebeshwa ampea 36, kiwango chake kinairuhusu ikae saa nzima bila kuruka. Lazima mzigo ufike kama ampea 46 ndipo ilazimike kukata ndani ya saa moja. Ikikata papo hapo, mara nyingi ni shoti, yaani waya mbili zimegusana. Ukisubiri breka ikuonye juu ya ekstensheni yako, unasubiri mpaka waya uive na magusano yatokee. Wakati huo pazia lishashika.

Tuchukue chumba kimoja nilichoitwa Maweni. Ni chumba cha ploti cha futi kumi kwa kumi, kimegawanywa kwa pazia, upande mmoja kitanda na upande mwingine meza ya kupikia. Soketi ni moja tu, karibu na mlango. Kutoka hapo ekstensheni ya mita tatu imepita chini ya mkeka, ikazunguka mguu wa kitanda mpaka mezani. Jioni dada mwenye chumba anachemsha maji ya chai kwa birika la stima, wati 2000, huku jiko la koili la wati 1500 limebeba sufuria ya wali. Friji ndogo, televisheni na feni zote ziko hapo hapo, kwa pamoja wati 260 hivi. Jumla ni wati 3760. Gawanya kwa volti 240 za hapa kwetu, unapata karibu ampea 16.

Breka inayolisha vyumba vitatu vya upande ule ni ya ampea 32. Kwake ampea 16 ni nusu ya mzigo, ina haki ya kutulia. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ni ya ampea 13, na watu wengi hudhani ikifika 13 na nusu tu inakatika. Sivyo. Fyuzi ya 13 inaweza kubeba ampea 16 muda mrefu sana bila kukatika, inapata moto tu na kuuhamishia kwenye plagi.

Nikakata kipande cha ule waya. Juu ya ekstensheni pameandikwa ampea 13, lakini nyuzi za ndani zilikuwa nyembamba kiasi cha milimita mraba 0.75 kwa kukadiria. Waya wa namna hiyo, tena wa shaba safi, ni wa kubeba ampea 6. Ekstensheni ya ampea 13 inatakiwa iwe na waya wa milimita mraba 1.25 kwenda juu. Na joto la waya haliongezeki sambamba na ampea, linaongezeka kwa mraba wake. Ukipeleka ampea 16 mahali pa 6, joto linalozalishwa ni mara saba. Waya ukiwa hewani, sehemu ya joto hilo inapotea. Ukiwa chini ya mkeka, juu yake godoro, joto halina pa kwenda. Ganda la plastiki la waya wa kawaida limetengenezwa kuhimili nyuzi 70 za joto. Kuanzia hapo kila siku linalainika kidogo, linakauka, linapasuka.

Lakini kilichokuwa kinaungua pale kwanza si waya, ni mahali plagi inapokamata ndani ya soketi, na hapa ndipo dhana ya breka inapoanguka kabisa. Ndani ya soketi kuna vibanio vya shaba vinavyoshika miguu ya plagi. Soketi ya bei ya chini vibanio vyake ni vyepesi, vikichomolewa na kuchomekwa kila siku vinalegea. Ongeza hewa yetu ya bahari, chumvi na unyevu, shaba inaota kutu ya kijani. Sasa stima inapita kwenye ncha ndogo tu inayogusa. Pakiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu hapo, ampea 16 zinatoa pale wati 50 za joto. Chuma ninachotumia kuyeyushia risasi ninapounganisha nyaya kina wati 40. Kwa hiyo ndani ya soketi ya dada yule palikuwa na joto linaloweza kuyeyusha risasi, limekaa kwenye eneo dogo kuliko punje ya maharagwe, kila jioni wakati wa kupika.

Breka haiwezi kuliona hilo hata siku moja. Kiungo kikilegea, ampea haziongezeki. Zinapungua kidogo, kwa sababu pale panakuwa na kizuizi. Volti tatu hivi zinapotea kwenye kiungo, birika linachemka kama kawaida, feni inazunguka kama kawaida. Hata breka ya kuzuia mtu kupigwa na stima haisaidii hapa, maana hakuna stima inayovuja kwenda ardhini. Plastiki inaendelea kuungua taratibu mpaka inageuka mkaa, na mkaa unapitisha stima. Kuanzia hapo cheche zinaruka zenyewe.

Dada yule alikuwa ameshaonywa na pua, ila hakujua. Kwa wiki nzima alikuwa anasikia harufu kama ya samaki aliyechina saa za jioni, akafua pazia, akatoa friji yote nje kutafuta samaki. Plastiki nyingi za soketi na plagi zikipata moto hutoa harufu hiyo hasa, ya samaki au ya mkojo. Kwa mji wa wavuvi kama wetu ni rahisi kuipuuza. Ukiisikia harufu hiyo inakuja wakati wa kupika na kuondoka vitu vikizimwa, acha kutafuta samaki, zima meni.

Breka ikiwa kimya, utajuaje basi? Kwa mkono. Birika na jiko vikiwa vimefanya kazi robo saa, zima swichi ya soketi, kisha gusa plastiki ya plagi na waya kwa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kiganja hapo, ekstensheni hiyo imekwisha, na mara nyingi soketi yenyewe nayo imekwisha. Nasisitiza soketi, kwa sababu watu wananunua ekstensheni mpya wanaichomeka kwenye soketi ile ile iliyoungua, na baada ya mwezi mpya nayo imeiva. Pakiwa na doa jeusi au plastiki imepasuka, usiguse chochote. Anza na meni.

Na ushauri wangu, ambao nitaurudia mpaka sauti ikauke: kitu chochote kinachotengeneza joto kiende soketi ya ukutani, peke yake, kwa zamu. Birika, koili, pasi, hita ya maji. Maji yakichemka ndipo wali upande. Ekstensheni iachiwe simu, televisheni, feni na redio.

Dhana: ina matundu sita, basi inabeba vitu sita.

Matundu ni nafasi za kuchomeka, hayaongezi uwezo wa waya unaoyalisha. Chaja sita za simu hazifiki hata ampea moja. Birika na pasi, vitu viwili tu, vinaweza kuvuka 13. Kuchomeka ekstensheni juu ya ekstensheni hakuongezi kitu pia, kunaongeza viungo vya kulegea, na mzigo wote bado unapita kwenye plagi ya kwanza.

Dhana: waya ni mnene, kwa hiyo ni mzuri.

Unene wa nje mara nyingi ni plastiki. Siku hizi kuna nyaya nyingi ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene ule ule, alumini ina ukinzani kama mara moja na nusu au zaidi ya shaba, na inakatika ikikunjwakunjwa. Kwarua uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe ndani, si shaba. Mwambie muuza duka akufungulie ncha kabla hujalipa. Akikataa, nenda duka la pili.

Dhana: fyuzi ikikatika sana, weka kubwa au funga uzi wa waya.

Hapa sina subira. Nimetoa ndani ya plagi karatasi ya sigara, misumari na vipande vya waya. Fyuzi inayokatika inakwambia mzigo umezidi. Wenye ploti wanaofanya hivyo kwa breka, wakaondoa ya 20 na kuweka ya 40 ili wapangaji waache kupiga simu, ni wabaya zaidi, kwa sababu sasa hata waya uliozikwa ukutani hauna mlinzi. Chumba kikihitaji stima zaidi, kinavutiwa laini yake kutoka boksi la meni, waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, na soketi mbili pacha pale meza ya kupikia ilipo. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, si kijana wa mtaa mwenye bisibisi.

Dhana: ukiona moto, mwaga maji upesi.

Si kabla stima haijakatwa. Maji yanapitisha stima mpaka kwenye mkono ulioshika ndoo. Zima meni kwanza, ndipo umwage maji au mchanga. Kwa hiyo kila mpangaji, hata mtoto wa darasa la tano, ajue boksi la meni liko wapi. Ploti nyingi ninazoingia boksi liko ndani ya chumba cha mtu mmoja, naye akienda kazini anafunga kufuli. Mwenye ploti alitoe nje ukumbini, liwe juu kiasi kwamba watoto wadogo hawafiki, na asiliwekee kufuli. Na kama paa ni la makuti na moto umeshalifikia, usirudi ndani kutafuta swichi. Toa watu, gongea milango ya jirani, meni izimwe na aliye karibu nayo kwa nje.