Karatasi Mbili za Kolesteroli: Maswali ya Wafanyabiashara Sokoni Busia

Wiki mbili zilizopita nilipimwa kwingine wakaniandikia 5.8. Leo ninyi mmeandika 224. Ninakufa, ama?

Hapana, mama. Zilete karatasi zote mbili hapa. Tazama herufi ndogo zinazofuata namba: hii ina mmol/L, ile ina mg/dL. Ni kama mahindi yale yale, mmoja kayapima kwa debe, mwingine kwa kilo. Zidisha 5.8 kwa 38.67, utapata 224. Kolesteroli yako haijasogea. Nawaombeni nyote, msome herufi kwanza ndipo mlinganishe namba.

Lakini wanasema isizidi 5.2, na jirani yangu ana 4.9. Si yeye ndiye mzima?

Hiyo 5.2 ni ya jumla, na ndani ya jumla mna mizigo tofauti. Kwa kuwa jirani amekubali tuisome yake, tutafute mstari wa HDL. HDL huokota kolesteroli iliyobaki mwilini na kuirudisha kwenye ini, kwa hiyo kwa mwanamke tunapenda ipite 1.3. Wewe una 1.9, yeye 0.8. Sasa toa HDL kwenye jumla. Kwako, 5.8 toa 1.9 inabaki 3.9. Kwake, 4.9 toa 0.8 inabaki 4.1. Hicho kinachobaki ndicho kinachoweza kujikusanya kwenye kuta za mishipa, na kwa kawaida tungependa kiwe chini ya 3.4. Nyote wawili mmepita, ila yeye aliyefurahia jumla ndogo amepita zaidi. Tena hesabu hii haiharibiwi na chai na mandazi mliyokunywa asubuhi. Trigliseridi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, ndizo hupanda mtu akishakula.

Mafuta ninayokaangia chapati yameandikwa hayana kolesteroli. Sasa yangu inatoka wapi?

Mtungi haujakudanganya, maana mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika. Nyingi hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Shida ni mafuta yanayoganda, kama mawese na samli: yakizidi, ini hupunguza kasi ya kuiondoa LDL, ile kolesteroli inayojikusanya kwenye kuta za mishipa, kwenye damu. Alfajiri ya baridi iangalie chupa yako. Ukiona utando mweupe umetulia chini, jua ni ya aina hiyo. Alizeti, ile inayokamuliwa kule Lira, Uganda, hubaki majimaji. Badilisha mafuta, kisha upime tena baada ya miezi mitatu, ikiwezekana kwa mashine ile ile.

Dawa sitampangia mtu hapa, kwa sababu daktari huangalia pia umri, sigara, presha na sukari. Na jirani yako asiondoke bado. Presha na sukari wanapima meza ya pili, pale chini ya turubai. Mshike mkono umpeleke.