Alama ya milivolti moja inashuhudia nini kwenye mashine ya ECG

Chukua karatasi yoyote ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, uangalie pembeni. Utaona alama yenye umbo la mlango: mstari unapanda wima, unalala kidogo, kisha unashuka. Hiyo ndiyo alama ya kalibresheni, na inawakilisha milivolti 1. Kwa mpangilio wa kawaida, yaani geini, kiwango cha kukuza mawimbi, ya 10 mm/mV na kasi ya karatasi ya 25 mm/s, kimo chake ni milimita 10. Kwenye mashine nyingi upana wake ni milimita 5, kwa sababu inadumu sekunde 0.2. Kwenye mashine za zamani, zile ambazo mtu alibonyeza kitufe mwenyewe, upana ulitegemea kidole chake, kwa hiyo hapo ni kimo tu chenye maana.

Kazi ya kwanza ya alama hii ni kumwambia msomaji mashine imewekwa kwenye geini gani. Ikiwa na kimo cha milimita 5, geini ni nusu. Ikiwa na ngazi, yaani inapanda hadi 10 halafu inashuka hadi 5, maana yake lidi, yaani pande ambazo mashine inautazama moyo, za mikono na miguu zimechapwa kwa geini kamili na za kifua kwa nusu. Mashine iliyoachwa kwenye geini ya otomatiki hufanya hivyo yenyewe mawimbi yanapokuwa makubwa. Hapo ndipo watu hujikwaa. Anayetafuta dalili ya misuli ya moyo iliyonenepa kwa kujumlisha wimbi la S la lidi ya kifua V1 na wimbi la R la V5 ili kuona kama jumla inafika milimita 35 anadhani geini ni kamili, na mgonjwa ambaye angeonyesha 40 ataonekana ana 20. Mimi huwashauri wenye kliniki ndogo wazime otomatiki, mtu abadilishe geini kwa mkono anapohitaji, akijua amebadilisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye mashine nyingi za kidijitali alama hii huchorwa na programu tu. Haipiti kwenye kebo ya mgonjwa wala kwenye amplifaya. Amplifaya inaweza kuwa imechoka, na alama bado ikatoka milimita 10 kamili. Kwa hiyo kuitazama pekee hakutoshi kusema mashine ni nzima. Unahitaji simuleta, kifaa kidogo kinachotoa mapigo ya moyo ya bandia yenye ukubwa na mwendo unaojulikana.

Ninavyofanya ni hivi. Ninaunganisha kebo ya mgonjwa kwenye simuleta, ninaiweka mapigo 60 kwa dakika na milivolti 1, kisha ninachapa lidi ya II kwa mfululizo. Kwenye simuleta nyingi ukubwa ulioandikwa ni wa lidi ya II. Lidi nyingine huwa na ukubwa tofauti, kwa hiyo usizitumie kuhukumu geini. Vichujio ninavizima vyote kwanza. Kichujio cha misuli hukata ncha ya wimbi la R, na nimeshaona amplifaya ikilaumiwa bure wakati kosa ni la kichujio kilichosahauliwa. Kisha ninapima kwa rula ya chuma, kutoka ukingo wa juu wa mstari wa chini hadi ukingo wa juu wa kilele, ili unene wa mstari usiingie kwenye hesabu.

Ukilinganisha wimbi la simuleta na ile alama, tatizo linajitaja lenyewe. Alama ikiwa 10 na wimbi likiwa 9, kosa liko upande wa kuingiza: kebo, kiunganishi au amplifaya. Vyote viwili vikiwa 9, tazama upande wa kuchapa. Mimi hukubali tofauti isiyozidi asilimia 5, yaani kati ya milimita 9.5 na 10.5, isipokuwa kitabu cha mashine kiseme vingine.

Kasi ya karatasi ndiyo inayodanganya zaidi. Kliniki moja niliyohudumia ilikuwa na malalamiko madogo tu: namba ya mapigo inayoandikwa juu ya karatasi hailingani na ile ambayo daktari anapata kwa kuhesabu miraba. Nilipochapa simuleta kwa mapigo 60, mashine iliandika 60. Kwa 25 mm/s, kutoka R moja hadi nyingine panapaswa kuwa milimita 25, na nafasi kumi mfululizo milimita 250. Rula ilisoma 232. Karatasi ilikuwa inakwenda 23.2 mm/s, pungufu kwa asilimia 7.2.

Namba ya mashine ilikuwa sahihi kwa sababu inahesabiwa ndani, kutoka kwenye saa ya elektroniki, kabla karatasi haijaguswa. Daktari anayehesabu miraba alipata mapigo kama 65. Hilo si baya sana. Baya ni QT, muda ambao vyumba vya chini vya moyo huchukua kupiga na kujiandaa upya: yenye milisekunde 460 ingechapwa kwa urefu unaosomeka kama 427, na urefu usio wa kawaida ungepita kama wa kawaida.

Alama ya kalibresheni haikusaidia hapo. Upana wake ulikuwa umepungua kutoka milimita 5 hadi 4.64, na jicho halioni tofauti hiyo. Ndiyo maana napima nafasi kumi badala ya moja.

Chanzo kilikuwa rola ya mpira inayovuta karatasi. Ilikuwa imejaa vumbi la karatasi hadi inang'aa, ikawa inateleza. Niliisafisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili, nikaiacha ikauke, nikachapa tena: 249. Rola ikiteleza kwa vipindi utaona jambo jingine, nafasi za R zisizolingana ilhali simuleta inapiga sawasawa. Kwa mgonjwa halisi, hilo linaweza kusomwa kama mapigo yasiyo na mpangilio.

Kliniki hiyo ilitumia karatasi yenye miraba iliyochapwa kiwandani. Mashine inayochora miraba yake yenyewe hufanya tofauti: karatasi ikipungua kasi, miraba nayo inabanana pamoja na mawimbi. Anayehesabu miraba atapata jibu sahihi, lakini anayetumia rula maalumu ya ECG atakosea. Kuigundua ni rahisi: pima miraba mikubwa mitano kwa urefu wa karatasi, kisha mitano kwa upana wake. Kila upande uwe milimita 25. Kama mmoja ni mfupi, huo si mraba tena.

Huna simuleta? Kasi bado unaweza kuipima. Karatasi ikiwa inatoka, gusa kwa kalamu ukingoni mahali inapotokea, anza saa ya simu, na baada ya sekunde 20 gusa tena mahali palepale. Patakuwa na milimita 500 kati ya alama hizo. Ukichelewa nusu sekunde, kosa lako ni asilimia 2.5, kwa hiyo njia hii itakamata upungufu wa asilimia 7 lakini haitoshi kuamua kama mashine iko ndani ya asilimia 5 inapokuwa karibu na mpaka. Geini ndiyo huwezi kuithibitisha bila chanzo cha milivolti kinachoaminika. Usijaribu kuipima kwa kujichapa mwenyewe, moyo wako hauna cheti.

Kipande cha majaribio kiandikwe tarehe, geini, kasi na hali ya vichujio, kisha kitolewe kopi kabla ya kuingia kwenye faili, kwa sababu karatasi ya joto hufifia, na hufifia haraka zaidi ikikaa ndani ya mfuko wa plastiki.