Waya mmoja ukigusa ardhi: nyutro ya transfoma imeungwaje?

Katika kiwanda kimoja chenye mashamba ya umwagiliaji nilikuta taa tatu ukutani mwa chumba cha swichi, moja kwa kila fezi ya mtandao wao wa kilovolti 11. Moja ilikuwa imefifia, mbili zinawaka kupita kawaida. Fundi wa zamu akaniambia ile moja imeungua. Haikuungua. Fezi yake ndiyo iliyokuwa imegusa ardhi mahali fulani, na mashine zote ziliendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kitu.

Nyutro ya transfoma yao, yaani pale koili za fezi tatu zinapokutana, haikuungwa na ethi. Mtandao wa namna hiyo huitwa unaoelea, na wengi hudhani kwamba waya ukigusa ardhi hakuna umeme utakaopita, kwa kuwa njia ya kurudi haipo. Njia ipo. Ndani ya kebo kuna waya, nje yake insulesheni, kisha skrini iliyoungwa na ethi; hiyo ni kapasita. Tuseme kuna kilomita 20 za kebo, na kila kilomita ina mikrofaradi 0.3 kwa fezi. Kati ya fezi na fezi kuna volti 11,000; kati ya kila fezi na ardhi kuna volti 6,350. Ukipiga hesabu kwa hezi 50, fezi moja ikigusa ardhi ampea 36 hivi zitapita pale penye hitilafu.

Ampea 36 haziangushi breka, lakini volti ndizo zinazoumiza. Fezi iliyogusa ardhi inashuka hadi sifuri, na zile mbili nzima zinapanda kutoka volti 6,350 hadi 11,000 dhidi ya ardhi. Ndiyo maana taa mbili zilikuwa kali. Hitilafu ikiwa ya cheche zinazozimika na kuwaka tena, hali inakuwa mbaya zaidi: kila cheche inapozimika, chaji inabaki kwenye nyaya bila pa kutorokea, na wimbi linalofuata linapanda juu ya mabaki hayo. Volti za ghafla zinaweza kufika mara tatu ya kawaida au kuzidi. Insulesheni ya mota iliyozeeka hupasuka kwenye fezi nyingine, labda kilomita kadhaa kutoka hapo, na sasa una shoti ya fezi mbili kupitia ardhini.

Basi unga nyutro moja kwa moja na ethi, mtu atasema. Volti zitatulia kweli: ukiunga vizuri, fezi nzima hazipandi zaidi ya asilimia 80 ya volti 11,000. Kwenye laini za kilovolti 132 na 220 hufanyika hivyo, maana kule insulesheni ni ghali. Lakini transfoma yao ni ya MVA 10, yenye impidansi, yaani ukinzani wake wa ndani, ya asilimia 10. Shoti ya ardhi karibu nayo ingefika takriban ampea 5,000, ikayeyusha chuma cha ndani ya mota kabla breka haijafunguka.

Tuliwashauri waweke resista kati ya nyutro na ethi. Ya omu 21 inaruhusu ampea 300: rilei, kifaa kinachoamuru breka ifunguke, inaziona waziwazi, na chuma cha mota kinapona. Resista inaimeza pia ile chaji iliyobaki kati ya cheche na cheche, ila kwa sharti moja: ampea zake zisipungue zile 36 za kapasita. Zinapopita ampea 300, inageuza karibu megawati 1.9 kuwa joto, kwa hiyo imetengenezwa kuvumilia sekunde 10 tu. Na fezi nzima bado zinapanda hadi karibu volti 11,000 mpaka breka ifunguke, hivyo kebo na areta, vile vifaa vinavyomwaga volti za ghafla ardhini, lazima ziwe za kustahimili hilo.

Rieakta, yaani koili, kwenye nyutro badala ya resista nayo? Mhandisi Mjerumani Waldemar Petersen alibuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koili inayovuta ampea zilezile 36 kwa mwelekeo wa kinyume. Hapa ingehitaji omu 176 hivi. Zinafutana, zinabaki ampea chache, na cheche kwenye laini ya nguzoni hujizima yenyewe bila kukata umeme. Lakini ukizima laini moja ya kebo, hesabu imebadilika na koili lazima irekebishwe. Tena kebo iliyotoboka haijiponyi kama hewa inavyojiponya. Kwa mtandao wa kebo pekee sikuona faida.

Resista ina ugonjwa mmoja unaojificha. Ikikatika ndani, au waya wake wa shaba ukiibwa, mtandao unarudi kuelea na siku za kawaida hakuna kinachoonekana, kwa sababu nyutro haina umeme mpaka hitilafu itokee. Kila mwaka zimeni transfoma, fungueni kiungo cha nyutro, mpime hizo omu 21. Na taa tatu za ukutani msizing'oe.