Je, wajua kwa nini king'amuzi kinaandika 18:00 wakati habari ni saa tatu usiku?

"Mwongozo wa vipindi kwenye king'amuzi changu unasema taarifa ya habari ya saa tatu usiku itaanza 18:00. Nikiiwekea ukumbusho, nitaitwa saa ngapi?"

Saa tatu usiku barabara, mradi umechagua kipindi chenyewe ndani ya mwongozo. Kituo hakirushi saa ya Kampala wala ya Arua. Katika mawimbi yaleyale yanayobeba picha huja orodha ya vipindi, na muda wake umeandikwa kwa saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu ya Uganda kwa saa 3. Kazi ya kuongeza hizo 3 ni ya king'amuzi. Kisipoziongeza, orodha na saa yake vyote hubaki nyuma kwa pamoja, na kwa kuwa ukumbusho hulinganisha hivyo viwili, huita kwa wakati.

Balaa liko kwenye menyu ya Timer, unapojaza saa kwa mkono. Habari za saa tatu usiku ni 21:00, nawe utaandika 21:00. Lakini saa ya king'amuzi itafika 21:00 wakati simu yako inasoma 00:00, yaani saa sita usiku, na watu wamelala.

Kupima ni rahisi: bonyeza INFO, tazama saa kwenye skrini, linganisha na simu. Pengo likiwa saa 3 kamili, ingia kwenye mipangilio ya muda, tafuta Time Zone au GMT, weka +3. Pengo la saa 6 kati ya skrini na saa tunayoitaja kwa mdomo si kosa: ni hesabu yetu ya Kiswahili (wasemaji wa Luganda nao huhesabu vivyo hivyo), king'amuzi hakiijui. Ukishasahihisha, futa zile Timer ulizojaza kwa mkono uziandike upya.

Sasa fungua EPG, ule mwongozo wa vipindi, sogea kulia kwa mshale hadi jioni au kesho, bonyeza OK juu ya kipindi, kisha Reminder. Ukiona chaneli ina vipindi viwili tu, cha sasa na kinachofuata, usihangaike na antena; baadhi ya vituo hutuma hivyo tu. Ikiwa tupu kabisa, hamia chaneli hiyo ukae kidogo. Ving'amuzi vingi husoma orodha za masafa ambayo vimeyashika wakati huo tu, na umeme ukikatika huzisahau, vikaanza kuzikusanya upya.

Ukizima swichi ya ukutani ili kuokoa umeme wa Yaka, hakuna ukumbusho utakaolia. King'amuzi hakina betri ya kukiamsha. Kiache kimewaka. Mpira ukienda dakika za nyongeza ndipo habari zichelewe, ukumbusho hulia kwa saa iliyoandikwa, isipokuwa kituo kiwe kimerekebisha orodha yake, jambo ambalo mimi sijazoea kuliona.